Mwaga, mwaga, miguuni: mtoto wa kaka hajatoa neno la Kiswahili

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni shangazi mtu, nakaa Makorora, Tanga, na mama yangu mzazi. Miezi miwili iliyopita kaka alituletea binti yake wa miaka 4 kutoka Uingereza, akae nasi mwaka mzima. Kule ndiko alikozaliwa, na nyumbani kwao ni Kiingereza tu. Mimi Kiingereza nakijua cha kuombea maji, mama hajui hata hicho. Mtoto mimi ananisemesha kwa Kiingereza, bibi yake anamnyooshea kidole tu. Kiswahili hajatoa hata neno moja.

Nilinunua chati ya a, e, i, o, u yenye picha za wanyama, kila jioni nikawa namuuliza "hii nini?" Sasa nikiigusa tu anaziba masikio. Nikamwachia katuni za Kiswahili kwenye televisheni, karibu masaa matatu kwa siku. Anacheka, hasemi. Jirani anasema huyu ana tatizo la kuongea. Kaka kwa simu ananiambia niache Kiingereza kabisa, akibanwa atasema. Mama anasema mwacheni, atajua mwenyewe. Watoto wa mtaani wanamwita mzungu. Januari nataka aanze darasa la awali. Niamini lipi, na nianzie wapi?

Shangazi mtu, Makorora


Marahaba mwanangu, na mama nisalimie sana.

Nianze na jirani, maana nahisi neno lake ndilo linalokunyima usingizi. Mtoto mwenye kasoro ya kuongea anakuwa nayo katika lugha zote, haichagui. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kwa Kiingereza chake anasemaje? Akiwa kwenye simu na baba yake, anasimulia jambo likafika mwisho, kwamba paka alipanda juu ya ukuta akashindwa kushuka? Anabishana? Anauliza kwa nini? Kama ndiyo, ulimi wake mzima. Kunyamaza kwake kwenye lugha mpya ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huo, na kunaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Wakati huo mtoto hajakaa bure, anasikiliza na kuweka akiba.

Akiba hiyo unaweza kuikagua. Leo jioni mwambie, "Lete kopo." Lakini mikono yako uifunge nyuma, na macho yako yasitazame kopo, kwa sababu watoto wanasoma macho ya mtu mzima kuliko tunavyodhani. Akienda akalileta, ujue neno limeshaingia. Siku nyingine jaribu "kaa", "njoo", "funga mlango". Nina hakika utashangaa. Kuelewa hutangulia kusema kwa mbali sana, na wewe ulikuwa unapima kusema peke yake.

Jambo la kwanza la kunifanya nikutume hospitali ni masikio. Kama ukimwita kwa nyuma bila yeye kukuona hageuki, kama anapenda kusogea karibu kabisa na televisheni, au sikio linatoa usaha, nenda naye Bombo akapimwe kusikia. Hilo halisubiri wimbo. Vilevile nenda kama Kiingereza chenyewe kinaanza kukauka, akawa hasemi hata na baba yake.

Kwa kaka yako sikubaliani naye. Kiingereza ndicho anacholilia na kuotea ndoto, ndicho kinachomuunganisha na wazazi wake. Ukimnyima, humpi Kiswahili, unamwachia ukimya tu. Mtoto wa miaka 4 anaweza kubeba lugha mbili bila moja kuisukuma nyingine, na inamrahisishia kila moja ikiwa na mahali pake panapojulikana. Na hapo nyumbani kwenu pamejipanga penyewe: bibi ni Kiswahili. Kutojua kwake Kiingereza unakuona kama upungufu, mimi nakuona kama bahati, kwa sababu mtoto hana mlango wa nyuma wa kutorokea. Wewe baki na Kiingereza chako kidogo kwa wakati wa homa, wa kulia usiku, na wa kuzungumza na wazazi. Saa za kazi nitakazokutajia hapa chini, nawe ni Kiswahili.

Ila kuna sharti moja gumu, na wengi hulivunja bila kujua. Usisimame nyuma ya bibi ukatafsiri. Bibi akisema "vua viatu", na wewe papo hapo ukageuza kwa Kiingereza, mtoto anajifunza jambo moja tu: maneno ya bibi ni kelele inayopita, na baada ya kelele ndipo huja maneno ya kweli. Atasubiri tafsiri siku zote. Acha bibi aoneshe kwa mkono. Anyooshe, aguse, avue kiatu kimoja yeye mwenyewe. Wewe ukishindwa kuvumilia, toka nje kanunue vitumbua.

Sasa ile chati. Kosa lake kubwa ni swali. "Hii nini?" ni swali la mtu anayejua jibu, na mtoto analijua hilo. Anaona anapimwa, na kila jioni anafeli. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya vibaya zaidi yako. Nilipokuwa nafundisha darasa la awali nililetewa mvulana kutoka milimani Lushoto, anajua Kisambaa tu. Muhula mzima alikaa kimya. Siku moja nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia hakai mpaka aseme jina la tunda. Alijikojolea. Sijasahau uso wake. Baada ya hapo nilimwacha, nikaona haya hata kumtazama. Kilichomfungua hakikutoka kwangu, kilitoka kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya uji, ambako tulikuwa na wimbo mfupi wa kila siku. Siku moja niligeuka kutafuta sabuni, nikasikia wimbo umeanzishwa. Ni yeye aliyeuanzisha, sauti nzito kama ya muadhini.

Televisheni izime, au ibaki ya kuchekea tu. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Patricia Kuhl, na wenzake waliwaweka watoto wachanga wa miezi 9 na watu wanaozungumza Kichina, vikao 12. Watoto waliochezewa na mtu aliye hai waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wengine wakasikilizishwa Kichina hichohicho kwenye video, hawakupata kitu. Huyu wako ni mkubwa kuliko hao, na katuni inaweza kumkumbusha neno analolijua tayari. Lakini katuni haimsubiri, haimwangalii, na haimwagii maji.

Ndiyo maana nataka tuanzie bafuni. Nina sababu. Kuoga ni kila siku, kunafuata mpangilio uleule, vitu ni vichache, na mwili wa mtoto mwenyewe unashiriki. Neno linashuka pamoja na maji. Hapana haja ya picha.

Chukua beseni, kopo, sabuni na dodoki. Mtafutie maji ya uvuguvugu, asije akachukia Kiswahili kwa ajili ya baridi. Bibi awe ndiye mwogeshaji, jioni, wakati uleule. Wimbo ni mistari minne tu:

Mwaga, mwaga, miguuni,
mwaga, mwaga, magotini,
mwaga, mwaga, tumboni,
mwaga, mwaga... kichwani!

Sauti mtungie mama yako mwenyewe, kwa mahadhi anayoyajua, ya kubembelezea au ya kutwangia. Nasema hivi kwa sababu watu siku hizi wanachukua sauti za nyimbo za watoto wa Ulaya wanazipachika maneno ya Kiswahili, na mkazo unakwenda mrama. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tukisema "tumbo" tunakaza mwanzo, tukisema "tumboni" mkazo unahamia kwenye "bo". Wimbo wa kigeni unaweza kukulazimisha kuvuta ile "ni" ya mwisho, mtoto akalibeba neno likiwa limevunjika kiuno. Mahadhi ya bibi yatakaza panapostahili bila yeye kufikiri. Kwa mtoto anayetoka kwenye Kiingereza, ambako mkazo hauna mahali pamoja, hilo ni somo zima, na atalipata bila kujua kwamba amefundishwa.

Siku kumi za mwanzo bibi aimbe peke yake. Kitu kimoja tu akizingatie: neno "magotini" litoke wakati maji yanagusa magoti, lisitangulie wala lisichelewe. Mtoto asiambiwe aseme chochote. Atacheka kwenye kichwa, maana kila mtoto anajua kinachokuja hapo na anajikunja kukisubiri.

Kusubiri huko ndiko tunakokutaka. Kuanzia siku ya kumi na moja hivi, bibi afike kwenye mstari wa nne, aseme "mwaga, mwaga", kisha anyamaze kopo likiwa limeinuliwa. Ahesabu moyoni mpaka tano. Tano ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtu mzima hukata tamaa kwenye mbili. Mtoto asiposema, bibi amalizie mwenyewe kwa furaha ileile, uso usikunjike hata kidogo. Kesho tena. Siku moja utasikia "...wani!" au "kichani!" au kitu kingine kisicho na sura. Maji yashuke palepale. Neno lake liwe limefungulia maji. Msipige makofi, msipige simu Uingereza, msimwambie aseme tena. Neno likigeuzwa maonyesho, mtoto hulirudisha ndani.

Hapo sasa geuzeni kopo. Mpe mtoto amwagie mwanasesere, au amwagie bibi miguu. Sasa yeye ndiye mwenye kuamuru, na bibi ajifanye hataki: "Usimwage kichwani! Jamani, usimwage kichwani!" Sijaona mtoto asiyependa kumwagia maji mtu anayemkataza. Hilo "usi" litaingia siku hiyohiyo, na usishangae kesho akiwa yeye ndiye anayepiga kelele "usimwage". Kiswahili chetu kina bahati hapa. Amri ni kitenzi kitupu, mwaga, sugua, shika, lete, hakina kiambishi mbele yake. Ndiyo sehemu rahisi kuliko zote za lugha hii, na ndiyo inayotoka kinywani mwa bibi kutwa nzima. James Asher, Mmarekani mwingine, alijenga tangu miaka ya 1960 njia nzima ya kufundisha lugha juu ya jambo hili moja: mwanafunzi anasikia amri, anaitenda kwa mwili, na kusema kunakuja baadaye kwa wakati wake. Mabibi walikuwa wanafanya hivyo bila kumsubiri.

Wimbo ukishakaa, badili neno moja tu kwa wiki. Wiki hii "mwaga" iwe "sugua", na dodoki mkononi: sugua, sugua, miguuni. Wiki ijayo "futa", na taulo au kanga. Baadaye acha vitenzi ulete mahali papya: mgongoni, mabegani. Msibadili viwili kwa pamoja. Mtoto akiwa na neno moja geni ndani ya maneno matatu anayoyajua, analimeza. Yakiwa mawili anapotea, na utaona dalili yake: anaacha kukutazama mdomo, anaanza kuchezea povu.

Bafu likienda vizuri wiki tatu au nne, ongeza mchezo mmoja, ukumbini, juu ya mkeka. Huu nitaueleza kidogo kwa urefu, kwa sababu ndipo sarufi ya Kiswahili inapomngoja.

Tafuta vitu vinne vyote vya "ki": kijiko, kikombe, kitana, kiatu. Usichanganye na sufuria wala mwiko. Mtoto afumbe macho, wewe ufiche kijiko. Kisha wewe na bibi mtafute kwa sauti. "Kijiko kiko wapi?" Bibi ainue mto: "Hakipo!" Achungulie kikapuni: "Hakimo!" Ainue kifuniko cha sufuria: "Kimo! Kijiko kimo!" Umeona kinachotokea? Sikio la mtoto linapigwa na "ki, ki, ki" mpaka lizoee kwamba mwanzo wa jina unarudi kwenye neno linalofuata. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kwa mtoto aliyezoea neno moja lenye maana ya "iko" kwa kila kitu duniani, hapa ndipo penye mlima, na tukimpa majina ya aina tano kwa wakati mmoja hatasikia mpangilio wowote. Ukimpa aina moja kwa wiki mbili, anausikia. Kisha ficha vijiko viwili: "Viko wapi? Vimo?" Baada ya hapo ndipo ulete sufuria na sabuni, na ile "iko, imo". Paka wa nyumbani awe wa mwisho, na kifaranga usimlete kabisa, maana jina lake linaanza na "ki" lakini yeye tunasema "yuko". Huyo atamvurugia kila kitu.

Neno lake la kwanza kwenye mchezo huu mara nyingi huwa "kimo!", la kupiga kelele. Atalitumia kwa kila kitu, hata kwa paka aliyelala ndani ya beseni. Usimwambie amekosea. Mjibu alichokusudia, kwa umbo lake sahihi, na usogee mbele: "Eh, yumo! Paka yumo ndani ya beseni, amelala." Basi. Usimrudishe nyuma aseme "yumo". Ataisikia "yumo" mara mia kabla haijawa yake.

Ufanye hivyohivyo kwa makosa mengine, na mengi nakutajia mapema usije ukaogopa. Kwa kuwa kwao sifa hutangulia jina, atasema "kubwa gari" na "yangu kiatu". Mjibu: "Gari kubwa kweli! Linakwenda wapi?" Atasema "mimi ni njaa", maana kwao mtu huwa njaa, haioni wala haisikii. Mjibu: "Una njaa? Haya, twende tukale." Atatia irabu kwenye "mtoto" na "mbwa", atashindwa "ng'ombe" kwa sababu sauti ile kwao haianzi neno. Hayo ya ulimi yaache kabisa, hata usiyajibu.

Kosa moja lakini linahitaji dawa yake, na hili ndilo linalowachanganya wazazi kuliko yote. Siku moja atakuja jikoni aseme, "Unataka maji." Utadhani anakuuliza wewe. Anaomba. Amesikia "unataka maji?" mara mia tatu kila anapopewa kikombe, kwa hiyo kwake maneno hayo ndiyo jina la tukio la kupewa maji. Ndivyo watoto wanavyoichukua lugha, kwa mafungu mazima, na baadaye sana ndipo wanalipasua fungu wakaona ndani yake kuna "u" na kuna "taka". Vivyo hivyo ataita nguo zake "nguo zako", kwa kuwa ndivyo zinavyoitwa kila mnapomvisha.

Ukimwambia "usiseme unataka, sema nataka", umemwongezea fumbo. Ni vigumu mtoto kujifunza "mimi" na "wewe" kutoka kwa mtu anayezungumza naye tu, kwa sababu kwenye mazungumzo ya wawili yeye daima ni "wewe". Anahitaji kuwasikia watu wengine wawili wakizungumza, yeye akiwa pembeni. Kwa hiyo wakati wa chai ya jioni, kabla hujamfikia yeye, mgeukie mama: "Mama, unataka mkate?" Mama ajibu kwa ukamilifu, asitikise kichwa tu: "Nataka." Umpe. Kisha mama akuulize wewe: "Na wewe unataka?" "Nataka." Ujipe. Ndipo umgeukie mtoto: "Wewe, unataka?" na usubiri ile tano yako. Fanyeni hivyo kwa mkate, kwa maji, kwa samaki, kila siku, bila kumtazama kwa kumtega. Kugeuka kwa "u" kuwa "na" kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Mkijibizana "eh" na "mm" mezani, kama tulivyozoea, hana pa kulisikilizia.

Watoto wa mtaani. Usimtupe katikati ya kundi la watoto kumi, atazama. Chagua mmoja, msichana wa miaka 6 au 7 mwenye kupenda kuwa mwalimu, kila mtaa unaye, umkaribishe barazani kwa machungwa. Wapange wacheze kujificha, kwa sababu mchezo ule unachezeka kwa maneno mawili: mtafutaji anauliza "Tayari?" na wenzake wanajibu "Bado!" Mtoto mwenye "bado" moja tu kinywani anahesabika mchezaji kamili. Na watoto wakishapata mchezaji hawakumbuki tena kumwita mzungu, au watamwita lakini lile jina litakuwa limepoteza makali.

Weka daftari dogo jikoni. Kila usiku andika maneno aliyoyatoa mwenyewe siku hiyo, bila kuulizwa na bila kuigiza, kama alivyoyatamka, hata yakiwa nusu. Wiki za mwanzo kurasa zitakuwa tupu. Kisha amri moja moja, kisha mafungu kama "nipe maji". Ukiona siku moja ameandikiwa "nipe sabuni" na hakuna mtu aliyewahi kumwimbia hilo, amekwisha kulipasua fungu la kwanza, ameanza kujenga mwenyewe. Hiyo ndiyo dalili ninayoitazamia mimi. Idadi ya majina ya wanyama hainihusu. Kama miezi sita ikapita tangu alipofika, daftari bado jeupe na ile "lete kopo" ya mikono nyuma bado haijibiwi, hapo niandikie tena, na Bombo uende.

Januari hatakuwa anazungumza kama watoto wenzake wa Makorora, nakuambia ukweli. Lakini ataelewa "kaeni", "simameni", "nawa mikono", ataomba kwenda chooni na maji ya kunywa. Mweleze mwalimu mapema kwamba asimsimamishe mbele. Mwambie kwa upole, na kama ni mkali mwambie habari ya mvulana wangu wa Lushoto. Chati iviringishe uiweke juu ya kabati. Irabu zake zitamfaa siku ya kuanza kusoma.

Limebaki la kaka yako, nalo ni kubwa kuliko anavyodhani. Mtoto wa umri huu huokota lugha upesi na huiangusha upesi. Akirudi Uingereza akakuta hakuna anayemjibu, Kiswahili hiki chote mtakachokihangaikia kinaweza kuyeyuka ndani ya miezi michache, akabaki anaelewa tu. Kwa hiyo kaka aanze sasa. Jumapili, mnapomwogesha saa 12 jioni, kwao ni saa 9 au saa 10 alasiri kufuatana na majira yao. Apige simu wakati huo, umweke spika mlangoni pa bafu, na yeye ndiye aimbe badala ya bibi: mwaga, mwaga, miguuni. Afike mstari wa nne, anyamaze, ahesabu tano. Mwambie asimalizie yeye.